Maswali na majibu: pua yako sio maabara

Mvua zimeanza na meseji zimeanza. Nusu ya nilizopokea zinauliza habari ya harufu, harufu, harufu. Nimechagua chache, nyingine nimejibu mstari mmoja kwasababu hazihitaji zaidi ya hapo.

Mtaro wa mtaani kwetu unanuka hatari, je kuvuta ile hewa kunaweza kutupa kipindupindu?

Hapana. Kipindupindu kinaingia mdomoni, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Hili swali nalijibu kila masika jamani. Badala ya kuziba pua nenda ukaangalie kama bomba la maji linapita ndani ya huo mtaro na kama limepasuka, maana pale ndo hatari ilipo, na siku presha ya maji ikikatika yale ya mtaroni yananyonywa ndani na hutasikia harufu yoyote kwenye glasi.

Madaktari wa Ulaya wa zamani walikuwa wasomi kabisa, iliwezekanaje waamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya?

Msiwacheke, hawakuwa wajinga. Waliangalia London wakaona penye uchafu, msongamano na uvundo ndipo watu wanapokufa, na hilo lilikuwa kweli, ila walichukua kilichokuwa kinaandamana na ugonjwa wakakifanya ndo chanzo. Balaa lilikuja pale walipoanza kufanya kazi kwa imani hiyo. Edwin Chadwick, mkubwa wa mambo ya usafi enzi hizo, alishikilia kabisa kwamba harufu yote ni ugonjwa, kwahiyo miaka ya 1848 na 1849 mashimo ya vinyesi yaliyokuwa chini ya nyumba yakawa yanasukumwa kwenye mifereji na mifereji inamwaga mto Thames. Nyumba zikapungua harufu. Shida ni kwamba makampuni ya maji yalikuwa yanachota maji ya kunywa mto ule ule, na kipindupindu cha 1849 kikaua zaidi ya watu 14,000 London. Yaani waliondoa uvundo chumbani wakaupeleka kwenye kikombe.

Aliyewashtukia ni John Snow, daktari wa kulaza watu kwa dawa ya usingizi. Hoja yake ilikuwa nyepesi tu: ugonjwa unaoanzia tumboni lazima uliingia kwa kumezwa, ungekuwa wa hewa ungeanzia kifuani. Mwaka 1854 akapata bahati ambayo mtafiti haipati mara mbili. Kusini mwa London makampuni mawili yalikuwa yanauza maji mitaa ile ile, nyumba hii kwa huyu na jirani kwa yule. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha sehemu yake ya kuchotea mwaka 1852 ikapanda juu ya mto kabla maji taka ya mji hayajaingia, kampuni ya pili, iliyoitwa Southwark na Vauxhall, ikabaki inachota mjini pale pale. Watu wale wale, hewa ile ile, maji tofauti. Snow akatembea mlango kwa mlango kuuliza nyumba yenye msiba inanunua maji wapi, na kama mpangaji hajui (wengi hawakujua, bili analipa mwenye nyumba aliyepangisha) anachukua maji kidogo anatia nitrati ya fedha, yale ya Southwark yalikuwa na chumvi karibu mara arobaini zaidi kwahiyo yanageuka meupe kama maziwa pale pale. Hesabu ya wiki saba za kwanza: nyumba za Southwark na Vauxhall vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, za Lambeth vifo 37.

Na bado hawakumwamini. Bodi ya afya iliangalia kazi yake ikasema haioni sababu ya kuikubali. Snow akafariki 1858 bila kuona ushindi wake.

Si ndo yule aling'oa mkono wa pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, London, na ugonjwa ukaisha?

Hiyo hadithi inasimuliwa vizuri kuliko ilivyotokea. Snow aliituhumu pampu ile na mkono ukatolewa tarehe 8 Septemba 1854, lakini vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka siku kadhaa kabla, watu wengi walishakimbia mtaa. Mtu mnayemsahau ni kasisi wa eneo lile, Henry Whitehead. Yeye aliingia kazini ili amkanushe Snow, na kwa vile alikuwa anawajua waumini wake akarudi kwao nyumba hadi nyumba mpaka akaangukia kwenye nyumba namba 40: mtoto mchanga aliharisha mwisho wa Agosti, mama akafua nepi akamwaga maji kwenye shimo mbele ya nyumba. Walipochimba wakakuta kuta za shimo zimeoza, na kisima cha pampu kiko chini ya mita moja kutoka pale. Mpinzani ndo akaleta ushahidi uliokuwa unakosekana. Nawapenda sana wapinzani wa aina hiyo, siku hizi ni adimu.

Kama harufu haina kesi basi ile mifereji mikubwa ya London ilijengwa bure?

Ilijengwa kwa sababu ya uongo ikafanya kazi ya kweli. Kiangazi cha 1858 Thames ilinuka mpaka bunge likakaribia kushindwa kukaa, mapazia yakaloweshwa dawa, na hela iliyokuwa haipatikani miaka yote ikapatikana chapchap. Injinia Joseph Bazalgette akajenga mifereji ya kukinga maji taka kabla hayajafika mtoni, akayapeleka mashariki, mto ukishaupita mji. Lengo lilikuwa pua za waheshimiwa. Mwaka 1866 kipindupindu kikarudi, sehemu kubwa ya London ikapona, kikapiga mashariki ambako mfumo ulikuwa haujakamilika na kampuni ya maji ilikuwa inawapa watu maji kutoka bwawa la wazi lisilochujwa. Vifo zaidi ya 5,000 upande ule. William Farr, mtu wa takwimu za serikali aliyekuwa muumini wa hewa mbaya, ndo hapo akageuka, kwasababu takwimu zake mwenyewe zilimsuta.

Mdudu wenyewe aligundua nani, Pasteur au Koch?

Wa kipindupindu aliuona Filippo Pacini, Mtaliano, 1854, hakuna aliyemsikiliza. Koch, daktari wa Ujerumani, aliukamata upya Misri 1883 na akamalizia kazi India 1884. Pasteur ni wa kesi nyingine.

Nimesikia kuna profesa alikunywa kipindupindu na hakufa. Sasa hiyo si inaonyesha vijidudu sio tatizo?

Nilikuwa nalisubiri hili, maana watu wa "mbona mimi nilikunywa sikuumwa" ndo wananimaliza.

Max von Pettenkofer wa Munich, umri wake 73, tarehe 7 Oktoba 1892 alikunywa mchuzi wa vijidudu vya kipindupindu baada ya kutuliza asidi ya tumbo kwa magadi. Akaharisha kidogo, basi. Msaidizi wake Emmerich akarudia siku chache baadae akaharisha vibaya, akapona. Pettenkofer akasema mnaona, kijidudu peke yake hakitoshi, lazima udongo wa mahali uwe na hali fulani ndipo sumu ipande hewani. Ila watu wengi walioambukizwa kipindupindu hawaumwi sana na wapo wasioumwa kabisa, hilo tunalijua. Mtu mmoja au wawili kunusurika hakupimi kitu, na Emmerich kuharisha vile kulitosha kumwambia profesa jambo kama angetaka kusikia.

Wakati yeye anakunywa, jibu lilikuwa limeshaandikwa Hamburg. Mji ule ulikuwa unachota maji mto Elbe na kuwapa watu bila kuchuja, wafanyabiashara waliokuwa wanauongoza walivutana miaka kuhusu gharama. Jirani kabisa, mtaa unaungana na mtaa, kuna mji wa Altona. Altona ilikuwa inachota Elbe hiyo hiyo tena chini zaidi, baada ya Hamburg kumwaga vinyesi vyake vyote, kwa macho maji yao yalikuwa mabaya kuliko. Tofauti ni moja tu, wao walikuwa wanayapitisha kwenye mchanga. Agosti 1892 kipindupindu kikaingia: Hamburg wagonjwa karibu 17,000 na waliokufa kama 8,600. Altona waliokufa ni mia tatu na kitu, na wengi wao waliambukizwa Hamburg.

Kuna mtaa mpaka wa miji unapita katikati, upande wa Hamburg wanakufa upande wa Altona wazima. Na palikuwa na nyumba za wafanyakazi upande wa Hamburg, uwanja mmoja wenye watu 345, ambao kwa sababu za mabomba tu walikuwa wameungwa maji ya Altona. Hakuna aliyeumwa pale. Udongo ni wa Hamburg, hewa ni ya Hamburg, maji ni ya Altona. Sijui mtu angetaka ushahidi gani tena.

Ule mchanga sio chekeche kama mnavyodhani. Maji yanashuka taratibu sana, kama sentimita kumi kwa saa, na juu ya mchanga panaota utando wa ute wenye viumbe hai, huo ndo unaokamata na kula bakteria. Ukiukwangua kusafisha lazima uache siku kadhaa uote tena. Januari 1893 baridi kali iligandisha mchanga Altona wakati wa kukwangua, maji yakapita bila kuchujwa vizuri, na kipindupindu kikatokea Altona. Koch aliipata ile hitilafu kwa kuhesabu bakteria kwenye maji ya kila chujio: zaidi ya mia kwa mililita moja, funga hilo chujio. Ndo maana nikiona mradi wa maji una chujio zuri lakini hakuna anayepima, nasema bado hamna mradi.

Malaria nayo inatokana na nini hasa, kinamasi au mbu?

Mbu. Jina lenyewe ni Kitaliano cha "hewa mbaya", msidanganywe na jina.

Lakini TB na korona si zinapita hewani? Kwahiyo wazee walikuwa sahihi.

Zinapita hewani, ila zinatoka kifuani kwa mtu mgonjwa, jalala haliwezi kukupa TB hata linuke mwaka mzima. Nakubali kosa la upande wa pili nalo lipo: wataalamu walivyoizika hewa mbaya waliizika kwa hasira mpaka hewa yenyewe ikawa mwiko, na Machi 2020 shirika la afya duniani lilikuwa linaandika kwamba korona haisambai hewani. Fungueni madirisha.

Kisima chetu maji meupe kama kioo na matamu, tumekunywa miaka yote, choo kiko mita nane tu. Kuna haja ya dawa?

Ipo, na choo kingekuwa mita 30 ningelala vizuri zaidi, udongo wa kichanga au wa mawe yaliyopasuka hata hiyo ni ndogo. Tieni klorini, lakini yakiwa na tope yachujeni kwanza maana tope linaila dawa, na mkishatibu tumieni ndoo yenye bomba, ile kata inayozamishwa na kila mkono ndo inarudisha ugonjwa ndani.

Halafu hilo neno "matamu". Kulikuwa na mama mjane, Susannah Eley, aliyehama Broad Street akaenda kuishi Hampstead ambako hakukuwa na kipindupindu. Aliyapenda sana maji ya ile pampu, akawa analetewa chupa kwa mkokoteni kila siku. Alikufa tarehe 2 Septemba 1854, na mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa, akarudi kwake Islington akafa naye.