Seva mpya kabla ya kugusa DNS: maswali yenu kuhusu faili la hosts

Shikamoo fundi. Nahamishia tovuti ya duka letu la mvinyo kwenye seva mpya. Nataka kuiona kwa jina lake lenyewe kabla wateja hawajahamia. Naanzia wapi? (Nkuhungu, Dodoma)

Marahaba. Anzia kwenye faili liitwalo `hosts`. Kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza DNS, kwa hiyo utakachoandika humo kinaidanganya mashine yako peke yake. Mteja aliyeko Area C ataendelea kuona seva ya zamani kama kawaida. Kwenye Windows liko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, na kwenye Linux na Mac liko `/etc/hosts`. Tuseme anwani ya seva mpya ni 203.0.113.25:

```
203.0.113.25 mfano.co.tz www.mfano.co.tz
```

Andika majina yote mawili, lenye `www` na lisilo nayo. Faili hili halikubali nyota ya kuwakilisha majina yote, kwa hiyo kama picha zako zinatoka `picha.mfano.co.tz`, nalo liandike. Ukilisahau, ukurasa utatoka seva mpya na picha zitatoka ya zamani, na wewe utadhani zimehama salama.

Kwenye Windows fungua Notepad kwa `Run as administrator`, la sivyo itakugomea kuhifadhi. Angalia pia isije ikahifadhi `hosts.txt`, maana faili hilo halisomwi na mtu. Ukimaliza, funga brauza kabisa uifungue upya.

Nimeandika mstari vizuri, lakini nslookup bado inaniletea IP ya zamani. Nimekosea wapi? (Singida)

Huenda hujakosea popote. `nslookup` na `dig` huenda moja kwa moja kwenye seva ya DNS, hazipitii `hosts` hata kidogo. Tumia `ping www.mfano.co.tz`, usome anwani inayotokea kwenye mstari wa kwanza. Majibu yasiporudi usijali, seva nyingi huzuia ping.

Ila ping inakuhakikishia kompyuta tu, si brauza. Hilo nililijua kwa jasho. Niliwahi kushinda nusu siku nikirekebisha menyu ya tovuti ya nyumba ya wageni na hakuna kilichobadilika, kumbe brauza ilikuwa inapitia proksi ya ofisi. Ukipitia proksi, proksi ndiyo inayotafuta anwani ya jina, nayo haijui kilichomo kwenye `hosts` yako.

Tangu siku hiyo naweka faili dogo, `jaribio.txt`, kwenye seva mpya pekee. Nalifungua kwenye brauza kwa jina la tovuti. Likionekana, niko kwenye seva mpya. Likikosekana, sigusi kitu kingine mpaka nijue kwa nini.

Brauza inasema cheti si salama, na Let's Encrypt inakataa kutoa kipya. (Kondoa)

Ina haki ya kukataa. Katika uhakiki wa kawaida, Let's Encrypt hulitafuta jina lako kupitia DNS ya dunia nzima, na huko bado linaelekea seva ya zamani. Udanganyifu wa `hosts` yako hauifikii.

Njia rahisi ni kunakili cheti cha sasa pamoja na ufunguo wake wa siri kutoka seva ya zamani, kisha uombe kipya ukishahama. Kama huna ruhusa ya kuvichukua, hakiki kwa rekodi ya TXT ya `_acme-challenge`, ambayo haijali tovuti iko seva gani. Usizoee kubofya onyo ili upite: tovuti yenye HSTS, yaani agizo kwa brauza kuifungua kwa HTTPS tu, haitakupa hata hicho kitufe.

Naweza kufanya hivi kwenye simu ya Android? (Mpwapwa)

Bila kuiruti, huwezi kuligusa faili la `hosts`. Tumia kompyuta.

Nimeweka oda ya majaribio, imepita. Nibadilishe DNS leo? (Nkuhungu tena)

Kwanza itafute hiyo oda imeangukia wapi. Kama ni WordPress, fungua `wp-config.php` kwenye seva mpya usome `DB_HOST`. Nimeona tovuti iliyonakiliwa ikiendelea kuandika kwenye hifadhidata ya zamani: kila kitu kinaonekana kizuri mpaka siku seva ya zamani inazimwa.

Kisha tazama TTL ya rekodi yako, yaani sekunde ambazo jibu la DNS hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya. Ikiwa 86400, yaani saa 24, ishushe hadi 300 leo, ubadilishe anwani kesho baada ya hizo saa 24 kuisha. Muda mfupi kabla ya kubadilisha, simamisha oda na unakili hifadhidata upya, maana wateja wameendelea kununua kule kwa zamani.

Ukishabadilisha, futa mstari wako kwenye `hosts`, kisha kwenye Windows:

```
ipconfig /flushdns
```

Funga brauza, ufungue tena `jaribio.txt`. Sasa likionekana, ni DNS yenyewe iliyokupeleka huko.