Kuhariri ripoti ya Kiingereza bila kumfuta mwanafunzi

"Wakuu, nasahihisha ripoti ya mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Kila nikimaliza ukurasa naona kama nimeuandika mimi. Mnafanyaje?"

Mkuu, nimesimamia ripoti nyingi za namna hiyo, na kinachonisaidia ni kutenganisha sarufi na toni. Ukizishika zote kwa mpigo mmoja, kosa dogo la wakati wa kitenzi linakuwa kisingizio cha kuandika sentensi nzima upya.

Kabla ya kugusa chochote nasoma kurasa mbili tatu, nikiandika pembeni mazoea ya mwandishi. Mwanafunzi mmoja alipenda sentensi fupi na alisema "mimi" bila woga. Katika matokeo yake aliandika, nikiiweka kwa Kiswahili: "Niliwahoji wauguzi 12. Tisa walilalamikia zamu za usiku. Hii inathibitisha kuwa zamu za usiku husababisha makosa." Kwenye Kiingereza chake, kitenzi cha kwanza kilikuwa katika wakati uliopo ilhali mahojiano yalishapita, na kile cha "inathibitisha" kilikosa "s" ya umoja. Hayo nilirekebisha. Ufupi wa sentensi na ile "mimi" sikuvigusa. Wahariri wengi wangeziunganisha zote tatu na kuzitia kauli ya kutendwa zionekane za kitaaluma, ila kama idara haijakataza nafsi ya kwanza, sioni sababu.

Sentensi ya tatu ndiyo yenye mtego. Inaonekana ni suala la toni, kwamba "inathibitisha" ni kali mno, uweke "inaashiria" uendelee. Lakini malalamiko ya watu tisa hayasemi lolote kuhusu makosa, na neno la upole lingeficha pengo hilo tu. Kwa hiyo niliacha swali pembeni: "Walilalamika, au walisema hukosea zaidi usiku?" Alirudi kwenye madaftari yake, akakuta saba tu ndio waliotaja makosa, akaiandika upya mwenyewe.

Vibainishi "a" na "the" vinahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo, hasa kwa sisi ambao lugha zetu hazina. Mwanafunzi akiandika "nurses" bila "the", huenda anasema wauguzi kwa jumla. Ukiongeza "the", msomaji ataelewa ni wale 12 waliohojiwa. Umebadilisha dai lake kwa herufi tatu. Ninapokuwa na shaka, nauliza. Penye kosa la wazi, narekebisha ukurasa wa kwanza na kueleza sababu, kisha kurasa zinazofuata naweka alama tu, arekebishe yeye.

Kila badiliko lipite kwenye Track Changes. Ukimrudishia, mwombe akusomee kwa sauti aya uliyoigusa zaidi, kisha akueleze maana yake. Anapokwama, au akisema "hapa sikumaanisha hivi", rudisha sentensi yake ya awali na usahihishe kosa la sarufi peke yake.