Mizani 16, kituo kiko wapi?

"Mwalimu kasema kipande changu cha kwanza kimezidi: Nimeshuka Moshi mjini, ndizi zangu naziuza. Mbona nahesabu 8 kwa 8?"

Mdogo wangu, umehesabu "mji" kama mizani moja. Iimbe polepole: ni-me-shu-ka-mo-shi-m-ji-ni, ni 9, kwa hiyo kituo, pale unapopumua katikati ya mshororo, na kina cha kati vimesogea, beti zingine zikija na 8 utasikia mdundo unakwama. Andika "Nashuka Moshi mjini", inakaa 8. Utao, yaani kipande cha pili, uko poa, ndi-zi-za-ngu-na-zi-u-za.

Huyo kaka hapo juu anayesema kila m au n inajitegemea, nusu yuko sawa. "Ndizi" ni mbili tu. Mi napima kwa wingi: mbuyu ni mibuyu, m inageuka mi, basi m-bu-yu tatu, mbuzi wingi ni mbuzi, basi mbu-zi mbili. Ila "nchi" kipimo hiki kinaikosa, ni n-chi.

Dada uliyeuliza kituo cha utenzi kiko wapi, wewe swali lako jingine kabisa, mshororo wa mizani 8 kwa kawaida haukatwi kati. Na "daktari" sisi huku Arusha bado tunabishana, wengine dak-ta-ri, mi naimba da-k-ta-ri.