Nimebadilisha rangi za WhatsApp, mbona mteja haoni?

Swali: Habari fundi. Ninauza vitenge kwa WhatsApp, simu yangu ni Android. Nimeweka viputo vya meseji rangi ya waridi ili vifanane na nembo ya duka, lakini meseji za wateja zimebaki nyeupe, nami nataka ziwe kijani. Tena mteja wangu mmoja anasema kwake hakuna kilichobadilika. Kijana wa duka la simu amenishauri niweke GB WhatsApp, eti huko kila kitu kinabadilika. Nifanye nini?

Jibu: Salama dada. Simu yako haina hitilafu, na ulichobadilisha kimebadilika kweli. Ila rangi hizo zinakaa ndani ya simu yako tu. Unapotuma meseji, kinachosafiri ni maneno, picha au sauti. Rangi ya kiputo haimo kwenye mzigo huo. Simu ya mteja ikipokea maneno, inayachorea kiputo chake yenyewe, kwa rangi alizochagua yeye au zile zilizokuja na programu. Ni kama umevaa miwani ya waridi: duka lote utaliona la waridi, mteja aliyesimama mbele yako ataliona kama lilivyo.

Nadhani wengi wetu tulizoeshwa vingine na Messenger. Kule ukibadilisha mandhari ya mazungumzo, mwenzako naye anayaona, na mstari mdogo unajitokeza kuwaarifu kwamba umebadilisha. WhatsApp walipoleta mandhari za rangi Februari 2025 waliamua kinyume chake: mandhari ni siri yako. Hata kwenye kundi la watu mia mbili, ukiweka zambarau, unayeiona zambarau ni wewe peke yako.

Sasa tuje kwenye kinachowezekana. Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu juu, ingia "Settings", kisha "Chats", kisha "Default chat theme". Hapo ndipo unapochagua sura ya mazungumzo yote kwa mpigo mmoja. Mandhari zilizo tayari zinabadilisha kiputo na picha ya nyuma kwa pamoja. Usipopenda walivyozioanisha, shuka chini kidogo: "Chat color" ni ya viputo pekee, na "Wallpaper" ni ya picha ya nyuma pekee, ambayo unaweza kuichukua hata kwenye picha zako mwenyewe. Ukikuta simu inakuonyesha "Wallpaper" tu bila "Chat theme" popote, programu yako ni ya zamani. Isasishe kupitia Play Store kwanza.

Mtu mmoja mmoja naye anawezekana. Fungua mazungumzo yake, gusa vitone vitatu, chagua "Chat theme". Kwenye aifoni hakuna vitone hivyo. Unagusa jina la mtu juu ya mazungumzo, na utaikuta humo ndani.

Kwa biashara yako mimi ningeitumia nafasi hii ya mtu mmoja mmoja kuliko ile ya wote. Chukulia unazungumza na wateja, na pia na muuzaji wa jumla anayekuletea mzigo. Wateja waache kwenye waridi ya duka. Mazungumzo ya huyo muuzaji wa jumla yape bluu iliyokolea na picha ya nyuma ya rangi tupu. Ukifungua na kuona bluu, unajua hapa ndipo panapozungumzwa bei ya kununulia. Anayeuza kwa simu anaijua aibu ya kumtumia mteja bei ya jumla. Rangi ikikushtua sekunde moja kabla hujabonyeza kutuma, imelipa.

Ukiweka picha ya kitenge nyuma, chagua iliyopigwa kwa wima. Simu inaikata picha mpaka ijaze kioo, kwa hiyo iliyolala itapoteza pande zake mbili, na nembo iliyo pembeni itapotea nayo. Juu kuna upau wa jina na chini kuna sehemu ya kuandikia, basi kitu muhimu kiweke katikati. Mimi nisingeweka kitenge chenye maua mengi, kwa sababu jicho linachoka kutafuta viputo, ila hilo ni lako kuamua.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: mtu anaweka waridi nyororo asubuhi, usiku anakuta rangi imekuwa nzito na viputo vya wateja vimekuwa vya kijivu cheusi. Si kwamba mipangilio imefutika. Ingia "Settings", "Chats", kisha "Theme". Kama pameandikwa "System default", WhatsApp inaifuata simu, na simu ikiwa imepangwa hivyo inaingia hali ya giza jua likizama. Ukichagua "Light", itabaki ya mwanga saa zote.

Sasa kisichowezekana. Viputo vya wanaokuandikia huvichagulii rangi. Vinabaki vyeupe kwenye hali ya mwanga na vya kijivu kizito kwenye hali ya giza, kwa hiyo kijani unachokitaka kwa wateja hakipo. Umbo la kiputo nalo halibadiliki, wala zile tiki za bluu. Kwenye makundi, rangi za majina ya watu zinapangwa na programu yenyewe. Maandishi unaweza kuyakuza au kuyapunguza, hapo hapo kwenye "Chats", sehemu ya "Font size", lakini aina ya mwandiko huchagui.

Kama shabaha yako ni mteja aone kitu tofauti, tumia kile kinachosafiri pamoja na maneno. Alama hizi zinafika kwake kwa sababu ni herufi kama herufi nyingine, na simu yake inazisoma na kuzigeuza:

```
*Kitenge doti moja: 35,000*
_Bei haijumuishi usafiri_
~40,000~
```

Mstari wa kwanza ataona umekolezwa, wa pili umelazwa, na wa tatu bei ya zamani imekatwa mstari. Nyota ibane neno, bila nafasi katikati yake na herufi. Ukiacha nafasi, mteja ataona nyota tupu. Rangi ya nembo iweke kwenye picha ya wasifu na kwenye picha za bidhaa, maana hizo anaziona. Na ukipiga picha ya kioo chako ukamtumia, hapo ndipo ataiona ile waridi yako, kwa kuwa sasa imekuwa picha.

Kuhusu GB, kijana hakudanganya: ndani yake unaweza kupaka karibu kila kitu, hata viputo vya wateja. Lakini kwenye kioo chako tu, mteja bado hataona chochote. Na si programu ya WhatsApp. Haipo Play Store, unaipakua kama faili la APK kutoka kwa mtu usiyemjua, na meseji zako zote zinapita mikononi mwa programu yake. WhatsApp wenyewe wanazifungia akaunti zinazotumia programu za aina hiyo. Kwanza unaweza kukuta kioo kinahesabu muda wa kifungo cha muda, na ukiendelea namba inaweza kufungwa moja kwa moja. Namba hiyo ndiyo wateja wako wanayo, ndiyo iliyoandikwa kwenye mifuko yako. Kama ameshakuwekea, tunza picha na orodha ya oda mahali pengine, iondoe, weka WhatsApp ya Play Store, kisha thibitisha namba yako upya kwa msimbo utakaotumwa kwa SMS. Msimbo huo usimpe mtu, hata yeye fundi wa duka la simu.