Amri ya cli hunaswa, ya popf hupita kimya: jinsi hipavaiza inavyomdhibiti mgeni

Swali: Salaam, mhandisi. Nimesoma kwamba kerneli ya mfumo mgeni haiendeshwi na madaraka kamili ya prosesa. Sasa kerneli hiyo ikitoa `cli` kuzima vikatizi, zile ishara zinazoikatiza prosesa ishughulikie tukio, mbona seva nzima haigandi? Nani anaizuia, na mgeni anadanganywaje asijue? Na kama kunasa na kuiga ni rahisi hivyo, kwa nini watu husema x86 za zamani hazikuweza?

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Anayeizuia ni prosesa yenyewe. Hipavaiza, ile programu inayoendesha mashine pepe juu ya mashine halisi, haikai ikisoma amri za mgeni moja baada ya nyingine. Ingefanya hivyo, mashine pepe ingetambaa. Mgeni anaachiwa prosesa halisi, na amri zake nyingi, za kujumlisha, kulinganisha, kuruka na kusoma kumbukumbu, zinatekelezwa moja kwa moja kwa kasi ile ile ya kawaida. Kazi ya hipavaiza ni kumweka mahali ambapo amri zinazogusa mamlaka ya mashine zitakataliwa, kisha kusubiri zikataliwe.

Tuanze na x86 ya biti 32 kabla ya 2005, maana hapo ndipo mambo yako wazi. Prosesa ina ngazi nne za madaraka, kuanzia 0 hadi 3. Kerneli ya kawaida hukaa ngazi 0 na programu za watumiaji hukaa ngazi 3. Ukileta hipavaiza, yenyewe inachukua ngazi 0 na kuisukuma kerneli ya mgeni hadi ngazi 1. Ndani ya rejista ya bendera kuna sehemu iitwayo IOPL, inayosema ni hadi ngazi ipi mtu anaruhusiwa kuwasha na kuzima vikatizi. Hipavaiza inaiweka 0.

Sasa mgeni anatoa `cli`. Prosesa inaona ngazi 1 iko chini ya mamlaka ya IOPL 0, inakataa, na inazua hitilafu ya ulinzi, ile inayoandikwa #GP, namba 13 kwenye jedwali la vikatizi. Jedwali hilo ni la hipavaiza, si la mgeni. Kwa hiyo prosesa inahamia kwenye staki ya hipavaiza, inahifadhi bendera na anwani ya amri iliyokataliwa, na kuanza kutekeleza msimbo wa hipavaiza. Huo ndio mtego. Vikatizi halisi havijaguswa hata kidogo, na ndiyo maana seva haigandi.

Kuanzia hapo ni kuiga. Kiini chake ni hiki, `vcpu` ikiwa rekodi ya prosesa pepe ya mgeni na `cpl` ngazi ambayo mgeni anajiona yupo:

```c
if (vcpu->cpl != 0) {
        inject_gp(vcpu, 0);
} else if (read_byte(vcpu, vcpu->eip) == 0xfa) {   /* cli */
        vcpu->vif = 0;
        vcpu->eip += 1;
}
resume(vcpu);
```

Sharti la kwanza watu wengi hulisahau. Hipavaiza lazima ijue aliyetoa amri ni nani ndani ya ulimwengu wa mgeni: kerneli yake au programu ya kawaida? Programu ya kawaida ikitoa `cli`, kwenye mashine halisi ingepata #GP na kerneli ingeiua. Basi hapa pia lazima ipate #GP, iliyopelekwa kwa kerneli ya mgeni kupitia jedwali la mgeni mwenyewe. Hipavaiza ikiiga tu bila kuuliza, imempa mtumiaji yeyote wa mashine pepe uwezo wa kuzima vikatizi vya mgeni, na hilo ni tundu la usalama.

Aliyetoa akiwa ni kerneli, hipavaiza inasoma baiti iliyopo kwenye anwani ile, inakuta `0xfa`, na inaandika 0 kwenye `vif`, nakala ya bendera ya vikatizi inayotunzwa kwenye kumbukumbu kwa ajili ya mgeni huyu peke yake. Kuanzia hapo kikatizi chochote kinachomhusu, mathalani mdundo wa saa, kinawekwa kiporo hadi `vif` irudi kuwa 1. Mwisho anwani inasogezwa mbele kwa baiti moja, kwa sababu #GP huacha anwani ikiwa juu ya amri ile ile iliyokataliwa. Usipoisogeza, mgeni anarudi, anatoa `cli` ile ile, ananaswa tena, bila mwisho. Utaitambua kasoro hii kwa prosesa moja kushikwa asilimia 100 huku anwani ya mgeni haibadiliki kamwe.

Kuiga kunadai uangalifu kuliko kunavyoonekana. Chukua `sti`, inayowasha vikatizi. Kwenye x86 halisi, vikatizi havifunguki mara tu baada ya `sti` iliyokuta vimezimwa. Vinasubiri amri moja zaidi ipite. Kerneli hutegemea jambo hili zinapolala: zinaandika `sti` na kufuatisha `hlt`, zikijua hakuna kikatizi kitakachoingia katikati ya hizo mbili. Sasa hipavaiza ikiiga `sti` na kutoa kiporo papo hapo, kikatizi kitashughulikiwa kwanza, kisha mgeni atarudi kwenye `hlt` na kulala, ilhali tukio alilokuwa akilisubiri limeshapita. Dalili yake ni mgeni anayezubaa mara moja moja bila mpangilio, na kuamka tu kikatizi kingine kinapotokea. Anayeiga anaiga kanuni zote za amri, hata zile ndogo.

Sasa nije kwenye x86 za zamani, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walitoa sharti linalotosha ili njia hii ifanye kazi: kila amri nyeti, yaani inayobadilisha hali ya mashine au ambayo matokeo yake yanategemea hali hiyo, iwe pia ni amri inayonaswa ikitolewa bila mamlaka. Mashine kubwa za IBM zilikuwa zinaendesha wageni kwa njia hii tangu kabla ya hapo. VM/370 ilitoka 1972. x86 haikutimiza sharti. Uchambuzi wa Pentium uliotolewa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 nyeti ambazo hazinaswi.

Mkosaji mkubwa ni `popf`, inayochota bendera kutoka kwenye staki, ikiwemo ya vikatizi. Ikitolewa na asiye na mamlaka, prosesa haizui hitilafu. Inabadilisha bendera nyingine, inaiacha ya vikatizi kama ilivyo, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hebu tufuate mtindo ambao kerneli ya Linux ya biti 32 iliutumia kwa miaka mingi kulinda sehemu nyeti ya msimbo:

```asm
pushf
pop  %eax
cli
# kazi nyeti
push %eax
popf
```

Tuseme mgeni anaingia hapa vikatizi vikiwa wazi. `pushf` inasoma bendera halisi za prosesa, haisomi `vif`, na inakuta 1. Sawa, kwa bahati. `cli` inanaswa na `vif` inakuwa 0. Kazi nyeti inafanyika. Kisha `popf` inajaribu kurudisha 1. Prosesa inapuuza kimya kimya, hakuna mtego, hipavaiza haipati habari, na `vif` inabaki 0. Mgeni anaamini vikatizi viko wazi. Hipavaiza inaamini vimefungwa na inazidi kulimbikiza viporo. Midundo ya saa haifiki, ratiba ya kazi inasimama, diski inajibu lakini jibu halipokelewi. Mgeni ameganda, na hakuna hitilafu iliyoandikwa popote, kwa kuwa hakuna iliyotokea.

Pindua hali uone upande wa pili. Mgeni akitoa `pushf` wakati `vif` tayari ni 0, atasoma 1, kwa kuwa vikatizi halisi viko wazi daima. Kerneli itahifadhi taarifa ya uongo. Kwa hiyo kusoma nako kunavuja, si kuandika tu. Nadhani hili ndilo linalowapotosha wengi wanaoanza kujifunza: wanahofia amri zinazokataliwa, na hizo ndizo salama.

VMware waliuzunguka ukuta huu mwaka 1999 kwa kutafsiri msimbo wa kerneli ya mgeni kabla haujaendeshwa, wakibadilisha `popf` na amri kama hizo kwa msimbo unaogusa nakala ya kwenye kumbukumbu. Xen nao, mwaka 2003, walimwomba mgeni abadilishwe: kerneli inaandikwa upya sehemu hizo ili iiite hipavaiza waziwazi.

Suluhisho la vifaa lilikuja na VT-x ya Intel mwishoni mwa 2005, na AMD-V mwaka uliofuata. Hapa mgeni anarudishiwa ngazi yake 0, lakini ndani ya hali tofauti ya prosesa, ambamo ana bendera zake mwenyewe. `cli` na `popf` zinafanya kazi kikamilifu juu ya bendera za mgeni bila kumnasa mtu, na kikatizi halisi kikifika kinamtoa mgeni nje hata kama bendera yake imefungwa, mradi hipavaiza imeweka mpangilio huo. Kinachonaswa sasa huchaguliwa kwa kiasi kikubwa na hipavaiza. `hlt` kwa kawaida hunaswa, ili prosesa apewe mwingine. `cpuid`, amri inayouliza prosesa ni ya aina gani na ina uwezo gani, chini ya VT-x hunaswa daima: prosesa inaandika sababu namba 10 na urefu wa amri, baiti 2, hipavaiza inajaza rejista kwa majibu inayotaka mgeni ayaone, inasogeza anwani, inamrudisha. Ukiwa ndani ya mashine pepe andika `grep hypervisor /proc/cpuinfo`. Bendera utakayoiona kwa kawaida imetiwa na hipavaiza kwa njia hiyo.

Usidhani vifaa vilimaliza gharama. Kumtoa mgeni na kumrudisha kunakula mizunguko ya prosesa zaidi ya elfu moja kwa kawaida, na VT-x za kwanza zilikuwa ghali zaidi. Mwaka 2006 wahandisi wa VMware walionyesha kwamba tafsiri yao ilizishinda katika kazi kadhaa, hasa zile zinazobadilisha majedwali ya kurasa mara kwa mara.

Kwenye seva yako ya KVM, hipavaiza ya Linux, unaweza kuyaona haya kwa macho:

```
perf kvm stat live
```

Ukiona `HLT` nyingi na mgeni hana kazi, ni kawaida, amelala tu. Ukiona `CPUID` zinamiminika, tafuta programu inayopima muda kwa kutanguliza `cpuid` kabla ya `rdtsc`, amri inayosoma kihesabu cha muda cha prosesa, ili amri zisipishane. Kwenye mashine halisi gharama yake ni ndogo; ndani ya mashine pepe kila kipimo kinakuwa mtego kamili, na namba anazozipata mwenye programu zinapima hipavaiza badala ya msimbo wake. Mwambie atumie `lfence` badala ya `cpuid`, kwa kuwa hiyo hainaswi.