Mkaa, mafuta na unjano wa karibu na fizi

*Shikamoo daktari. Wiki ya sita sasa napiga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno ya mkaa, na kila asubuhi nasukutua mafuta ya nazi dakika 20. Mwanzoni meno yaling'aa na pumzi ilikuwa safi. Siku hizi naona unjano karibu na fizi, na maji baridi yananitia ganzi kwenye chonge la juu. Je, mkaa umeshakula enameli? Na haya mafuta yanang'arisha kweli?*

Marahaba. Wiki sita ni chache mno kuimaliza enameli. Hilo tabaka ndilo gumu kuliko kitu chochote mwilini, na kwa kipimo cha ugumu cha Mohs linafika karibu 5. Ninayemshuku ni jirani yake. Shingoni mwa jino, pale linapoingia kwenye fizi, enameli huwa nyembamba sana kisha inaisha. Chini yake kuna dentini, ambayo ina rangi ya njano kwa asili na ugumu wa karibu 3 tu. Fizi ikirudi nyuma hata kidogo, dentini hiyo hubaki wazi, na chembe za kukwangua huila haraka kuliko zinavyoila enameli. Dentini pia ina mirija midogo mno inayoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Mirija ikifunguka, maji baridi hupata njia, na ndiyo ganzi unayoisikia.

Chonge huwa la kwanza kulalamika kwa sababu limesimama kwenye kona ya taya na mswaki hulikandamiza kuliko mengine. Ukitumia mkono wa kulia, mara nyingi chonge la kushoto ndilo huumia zaidi.

Jichunguze hivi. Simama karibu na dirisha mchana, futa jino kwa karatasi laini hadi likauke, kisha litazame kwenye kioo. Unjano ulionyooka kama ukanda juu ya shingo ya jino ni dentini. Pitisha ukucha taratibu kutoka katikati ya jino kuelekea fizi. Ukikwama kwenye kijiukingo au kijishimo, pameshalika. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika, hasa kati ya jino na jino, ni madoa ya chai, kahawa au tumbaku yanayorudi. Na ukiona mstari wa kijivu pembeni mwa jino lililozibwa, huo ni mkaa wenyewe ulionasa kwenye ufa. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyedhani meno yake mawili ya mbele yameoza. Nilipoyasafisha, yalikuwa mazima. Unga mweusi ulikuwa umejibanza kwenye kingo za viziba vya zamani, na kimoja ilibidi nikibadilishe kwa sababu haukutoka.

Sasa ule weupe wa wiki za mwanzo. Ulikuwa wa kweli, maana madoa ya juu yalikwanguliwa. Dawa yoyote ya meno yenye chembe za kukwangua hufanya hivyo. Watu husema mkaa unanyonya madoa kama unavyonyonya sumu tumboni, lakini tumboni mkaa hukaa saa nyingi ndani ya kimiminika na kukutana na sumu iliyoyeyuka humo. Mdomoni una dakika mbili, umeshachanganyika na viungo vingine vya dawa, na doa lenyewe limegandamana na utando wa jino. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio yaliyokusanya machapisho 118 kuhusu mkaa na meno. Waandishi hawakupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha kwamba unang'arisha, wala kwamba ni salama.

Rangi ya jino lenyewe mkaa hauigusi kabisa. Enameli hupitisha mwanga, kwa hiyo njano ya dentini iliyo chini huonekana kupitia kwake. Anayeendelea kukwangua kwa miaka huifanya enameli iwe nyembamba, na jino huzidi kuwa la njano. Enameli iliyolika hairudi, kwani seli zilizoijenga hupotea jino linapochomoza.

Si kila dawa ya mkaa ina makali sawa. Kuna kipimo kiitwacho RDA kinachoonyesha jinsi dawa inavyoila dentini: dawa ya kulinganishia hupewa 100, na kikomo cha viwango vya kimataifa ni 250. Baadhi ya dawa za mkaa haziko juu kuliko dawa za kawaida. Unga mkavu wa mkaa wa kuchovya mswaki ndio unaonitia hofu, kwa kuwa punje zake hutofautiana ukubwa na mara nyingi hakuna aliyeupima. Tazama pia kama dawa yako ina floridi, maana nyingi za mkaa hazina. Kwa mtu mwenye mizizi iliyo wazi hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mzizi huoza upesi kuliko enameli.

Mafuta siyaogopi kama mkaa, kwani hayakwangui. Ila kung'arisha, hapana. Hakuna jaribio la maana lililoonyesha hivyo. Ule weupe wa mafuta unayotema watu huuita sabuni au sumu iliyotoka. Sabuni haitengenezwi bila magadi makali, na mate hayana ukali huo. Ni mafuta yaliyovunjika kuwa matone madogo na kuchanganyika na mate.

Kwenye pumzi kuna kitu kidogo cha kweli. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliojumlisha majaribio 9 yenye washiriki 344 ulikuta bakteria kwenye mate wakipungua, lakini haukuona tofauti ya uhakika kwenye utando wa meno wala kwenye hali ya fizi. Majaribio mengi ya aina hii ni madogo na ya muda mfupi. Harufu mbaya mara nyingi hutoka nyuma ya ulimi na ndani ya mifuko ya fizi, na mafuta hayaing'oi huko. Kukwangua ulimi taratibu kila siku kutakusaidia zaidi. Ukipenda kuendelea na mafuta, fanya hivyo pamoja na mswaki, usiyameze, na usiyasukume hadi kooni: kuna watu waliopata nimonia ya mafuta baada ya kuyavuta kwenye mapafu wakisukutua. Mtoto mdogo asifanye kabisa.

Kwa jino lako, acha mkaa leo. Tumia mswaki laini, ushike kwa vidole kama kalamu ili usikandamize, na dawa yenye floridi ya ppm 1,000 hadi 1,500 iliyoongezwa potasiamu naitreti. Tema bila kusuuza kwa maji mengi. Ganzi huanza kupungua baada ya wiki mbili hadi nne. Kung'arisha kusubiri hadi hapo: kwanza kusafishwa ukoga, na madoa yakiisha huenda usihitaji kingine. Ukihitaji, jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 hupenya enameli na kubadili rangi bila kukwangua, ingawa yenyewe huleta ganzi ya muda na haibadilishi rangi ya viziba. Ipate kwa daktari aliyekwisha kukagua shingo za meno yako.

Ganzi ya maji baridi ikidumu zaidi ya nusu dakika baada ya kumeza, au maumivu yakikuamsha usiku, usisubiri hizo wiki nne. Nenda ukapigwe picha ya jino hilo.