Kafeini kwa mtoto njiti: soma kibandiko kabla ya kuvuta dawa

"Assalaamu alaykum. Ni muuguzi hapa Pemba. Njiti wa kilo 1.4 anasita kupumua, daktari ameandika kafeini, ila mililita zinanichanganya. Na nitajuaje kama imemzidi?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Miligramu 20 za kafeini sitreti ni sawa na miligramu 10 tu za kafeini yenyewe, kwa hiyo mwulize kwanza daktari ameandika ipi. Dozi ya kuanzia ya sitreti ni miligramu 20 kwa kilo, yaani 28 kwa mtoto huyu. Kichupa chenye sitreti miligramu 20 kwa mililita kitakupa mililita 1.4. Anayesoma "kafeini 10" kwenye kibandiko akavuta 2.8 amempa maradufu, na kosa hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Ikipitia mshipani, iingie polepole kwa dakika 30. Baada ya saa 24 hufuata miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara moja kwa siku.

Kabla ya kila dozi, hesabu mapigo ya moyo dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Yakizidi 180, zuia dozi na umwite daktari. Kutapika na kutotulia pia ni dalili. Akitetemeka, mshike mkono taratibu: mtetemo usiokoma ukishikwa huenda ni degedege, nao unaokoma bado unataka upime sukari, kwani ikishuka hutetemesha vilevile. Kwa kuwa mwili wa njiti huchukua takriban siku nne kupunguza nusu ya dawa, endelea kumwangalia kwa siku kadhaa hata dozi ikisitishwa.